Hotuba ya mgeni rasmi siku ya zawadi: vitabu hivi havina mtihani

Shikamooni wazee wangu, shikamooni walimu. Na nyinyi wanangu hamjambo? Sijasikia, hamjambo? Haya, hapo sawa. Mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, wazazi wa Ngamiani, Makorora, na nyie wa Pongwe mliobanana kwenye daladala na jua hili, asanteni kwa kuja. Mkuu kanipa dakika kumi, mkiona ananikazia macho mjue zimeisha.

Hongereni mlioitwa mbele. Nimekaa pale naangalia zawadi zinavyopita, mkebe wa hesabu, madaftari, kalkuleta, kamusi, na lile beseni la bweni safi, vitu vizuri kabisa ila vyote vya kazi, hakuna hata kimoja cha kustarehe. Ndo maana na mimi nimekuja na boksi langu lile pale chini ya meza, limejaa vitabu vya hadithi, na nasema mapema walimu wakiwa wanasikia ili nisije nikageukwa: vitabu vile havina mtihani.

Maana nawajua. Mnapangiwa riwaya ya fasihi, mnatafuta kitini cha uhakiki, mnakariri dhamira, wahusika, mandhari, na riwaya yenyewe haifunguliwi hata ukurasa wa kwanza. Ni sawa na mtu aambiwe Coastal imeshinda mbili bila halafu aende kijiweni kusema ameangalia mechi. Matokeo unayo, utamu umeukosa wote. Na siwalaumu sana, mkishafundishwa kwamba kila kitabu mwisho wake ni maswali, nani atakigusa likizo?

Shaaban Robert mnamjua kwa kujibia maswali. Kazaliwa huku huku kwetu, Vibambani, mwaka 1909, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha. Sasa mimi shughuli zangu ni za kutoa mizigo bandarini, makaratasi ya forodha nayashika kila siku na jinsi yanavyokausha ubongo najua mwenyewe, kwa hiyo mtu ashinde kwenye makaratasi yale halafu bado apate hamu ya kutunga mashairi, jamani huyo hakuwa anatafuta alama za mtu. Alikuwa anapenda. Na kabla hata hajazaliwa, enzi za Mjerumani, shule ya serikali hapa hapa mjini Tanga ilikuwa inatoa gazeti la Kiswahili likiitwa Kiongozi. Mji huu umeanza kusoma zamani, msije mkaambiwa kusoma ni mambo ya Daa.

Sasa masharti yangu. Chukua kitabu unachokitaka wewe. Cha upelelezi, cha mapenzi, cha majini, vyote halali, mkuu usinitolee macho. Kikikuchosha kifunge, rudisha, chukua kingine, hujafeli kitu. Ruka kurasa. Kama roho inakudunda kujua nani kaua, nenda ukachungulie mwisho. Simulizi za kwenye simu nazo ni kusoma, zile za wasapu zinazokatwa patamu mpaka utume buku, ila humu kwenye boksi hukatwi popote na buku yako unabaki nayo ya mihogo.

Wazazi, nina neno kidogo, msinune. Mama akimkuta binti kajilaza na riwaya anafoka, "Wewe, vyombo vile ataosha nani?" Lakini akimkuta kwenye tivii na tamthilia ya Kituruki anavuta mkeka, anauliza taratibu, "Eti yule bwana keshamuoa?" Tunacheka lakini ni kweli. Vyombo aoshe, sikatai, ila mwacheni kwanza amalize sura aliyofika. Na akina baba, mtoto wa kiume kukaa na kitabu chumbani sio kwamba anaumwa.

Kwa walimu ombi langu ni moja tu, msiwaombe muhtasari. Mtoto akimaliza kitabu muulizeni kama kimemkera au kimemchekesha, mtasikia mengi kuliko kwenye insha. Hata nyinyi kachukueni, nimeweka na vya watu wazima kidogo, sio sana.

Boksi atakaa nalo mwalimu wa maktaba. Unaandika jina kwenye kaunta buku, unaondoka na kimoja, ukirudisha unapewa kingine, na chenye kurasa zilizokunjwa au alama ya chai sitagomba, cha kuchanwa ndo nitagomba. Likiisha utamu kuna maktaba ya mkoa hapo mjini, pitieni hata Jumamosi mkitoka sokoni. Na kila mliyepewa zawadi leo mkitoka hapa mkachague cha kwanza, halafu wale ambao hamkuitwa mfuate, vipo vya kuwatosha, msisukumane.

Mkuu ameshaangalia saa mara ya pili, na kidato cha pili pale nyuma wameshanusa pilau, naona shingo zote zimegeukia jikoni. Asanteni sana, endeleeni na ratiba.