Majibu ya maabara ya mama mwenye mimba ya wiki 30: tusome karatasi pamoja

Dada, salamu. Picha zote mbili, ya karatasi yake ya sasa na ya ile ya zamani, zimefika. Kabla ya maelezo yoyote: mama huyu asisubiri kliniki ya wiki ijayo. Aende hospitali leo, hata kama anasema hajisikii vibaya. Ukiwa bado uko kwake, mpime presha sasa hivi, akiwa ameketi na ametulia, kisha nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Kama ni 140 kwa 90 au zaidi, nipigie simu palepale. Ikifika 160 kwa 110, usianze hata kunipigia; tafuta usafiri kwanza.

Umeniambia alama nyekundu zimekutisha kwa wingi wake. Naelewa. Ila jambo lililonifanya niseme aende leo halina alama yoyote kwenye karatasi ile, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Nimenakili mistari yote ya karatasi ya sasa jinsi ninavyoiona kwenye picha. Linganisha na karatasi uliyoishika, herufi kwa herufi:

```
WBC   11.8  H  10^9/L   4.0 - 11.0
RBC   3.80     10^12/L  3.80 - 4.80
HGB   8.1   L  g/dL     12.0 - 16.0
HCT   25.8  L  %        36.0 - 46.0
MCV   68    L  fL       80 - 100
MCH   21.3  L  pg       27.0 - 32.0
MCHC  31.4  L  g/dL     32.0 - 36.0
RDW   18.9  H  %        11.5 - 14.5
PLT   142   L  10^9/L   150 - 400
CREA  84       µmol/L   53 - 97
K     5.8   H  mmol/L   3.5 - 5.1
ALT   22       U/L      5 - 35
ALP   138   H  U/L      40 - 120
SAMPLE HEMOLYSED
```

Mkunjo wa karatasi umepita juu ya mstari wa HGB, yaani wingi wa damu, na kwenye picha tarakimu ya kwanza ingeweza kusomeka 8 au 3. Tofauti hiyo si ndogo: mwenye 3.1 ni mtu wa kuongezewa damu haraka. Sikukisia. Mstari wa HCT, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, uko chini yake, nao kwa kawaida hukaribia mara tatu ya HGB. Tatu mara 8.1 ni 24.3, iko jirani na 25.8. Tatu mara 3.1 ni 9.3, hailingani kabisa. Kwa hiyo ni 8.1. Hata hivyo tazama karatasi yenyewe unithibitishie, na safari nyingine inyooshe mezani kwenye mwanga wa kutosha, piga picha kutoka juu bila kivuli cha mkono, pande zote nne zionekane. Asante kwa kufunika jina kabla ya kutuma. Hakikisha tu mwenyewe kwamba jina, umri, jinsia na tarehe ya kuchukuliwa sampuli ni vya mama huyu.

Sasa safu za karatasi. Baada ya jina la kipimo na jibu inakuja alama: H maana yake jibu limezidi kiwango cha kawaida, L maana yake liko chini. Kisha kizio, na mwisho kiwango cha kawaida chenyewe. Alama hiyo inawekwa na mashine kwa kulinganisha namba mbili, basi. Haijui kama mtu ni mjamzito, haijui alikuwaje mwezi uliopita. Viwango hivi vimetokana na watu wazima wenye afya, na kwa kawaida hupangwa vichukue 95 kati ya kila 100. Maana yake mtu mzima wa afya mmoja kati ya 20 ataangukia nje ya mstari kwa kipimo fulani bila kuwa na ugonjwa wowote. Na kwenye karatasi hii viwango ni vya mwanamke asiye na mimba. Shikilia hilo, kwa sababu ndilo linalogeuza maana ya nusu ya majibu yake.

Nianze na yasiyonipa wasiwasi. WBC ni chembe nyeupe. Mimba huzipandisha, na 11.8 kwa mama asiye na homa wala dalili za maambukizi ni jambo la kawaida. ALP imepanda kwa sababu kondo la nyuma nalo huitengeneza, hasa miezi mitatu ya mwisho. Hizo H mbili usimweleze mama kama ugonjwa.

Damu yake ni kweli imepungua. Kwa mjamzito wa wiki 30 hatutumii 12.0 iliyochapwa, mpaka wa Shirika la Afya Duniani kwa kipindi hiki cha mimba ni 11.0. Chini ya 7.0 ni upungufu mkali, na kati ya 7.0 na 9.9 ni wa wastani, ndiko aliko yeye. HCT inasimulia habari ileile kwa njia nyingine. MCV ni ukubwa wa chembe nyekundu, MCH na MCHC ni kiasi cha rangi ya damu iliyomo ndani yake, RDW ni jinsi chembe zinavyotofautiana ukubwa. Chembe ndogo, zilizopauka, zenye ukubwa usiolingana: mara nyingi picha hii ni ya kukosa madini chuma, ingawa kuna magonjwa ya kurithi ya damu yanayoweza kufanana nayo, na hospitali ndiyo itakayotofautisha. Kwa hiyo alama sita kati ya zile kumi ulizohesabu ni jambo moja tu linalojirudia. Muulize kwa upole kama vidonge vya madini chuma anavimeza kweli au vinamchafua tumbo akaviacha. Usimwongezee dozi wewe.

Uliniuliza inawezekanaje damu ishuke kutoka 104 hadi 8.1 mtu akiwa bado anatembea. Swali zuri sana, na jibu liko kwenye kizio. Karatasi ya zamani, ya wiki ya 12, imeandika g/L, yaani gramu kwa lita. Ya sasa imeandika g/dL, gramu kwa desilita, na lita moja ina desilita kumi. Kwa hiyo 104 ile ni 10.4 ya sasa. Damu imetoka 10.4 hadi 8.1. Imeshuka, tena ilikuwa ndogo tangu mwanzo, lakini haijaporomoka kama ulivyodhani. Kabla ya kulinganisha karatasi mbili za maabara tofauti, weka kidole kwenye kizio kwanza.

Na hapo ndipo tunafika kwenye mstari usio na alama. CREA ni kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu. Jibu ni 84, kiwango kilichochapwa ni 53 hadi 97, mashine imenyamaza. Lakini figo za mjamzito hufanya kazi zaidi ya kawaida, kwa hiyo kreatinini yake hutakiwa kuwa chini kuliko ya mwanamke asiye na mimba. Namba ambayo kwako wewe au kwangu ingekuwa sawa, kwake ni kubwa. Tazama tena karatasi ya zamani: 0.6, kizio mg/dL. Ukiiona haraka utasema hizi namba mbili hazihusiani. Zidisha 0.6 kwa 88.4 ili uipate kwa kizio cha sasa, µmol/L: ni 53. Imetoka 53 hadi 84 ndani ya mimba, wakati ilitakiwa ibaki chini. Huo ndio mstari ulionisimamisha.

Kando yake weka PLT, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, 142. Ikiwa peke yake nisingeshtuka; wajawazito wengi hushuka kidogo chini ya 150 bila madhara. Lakini figo zinazoanza kulemewa pamoja na chembe sahani zilizopungua kwa mwenye mimba kubwa hunifanya niulize habari ya presha inayosababishwa na mimba, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Sisemi anayo. Karatasi haina presha yake wala kipimo cha protini kwenye mkojo, na bila hivyo hakuna wa kusema. Ndiyo sababu nimekuomba presha kabla ya yote. Muulize pia: kichwa kinamuuma sana? Anaona ukungu au vimulimuli? Ana maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu? Uso na mikono vimevimba ghafla? Mtoto anacheza kama kawaida? Akikubali hata moja ya zile nne za kwanza, au mtoto akiwa amepunguza kucheza, safari ni ya dharura hata presha ikiwa nzuri.

Limebaki potasiamu, K, 5.8. Potasiamu nyingi ikiwa ya kweli inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo H hii siipuuzi. Lakini soma maandishi ya chini kabisa, ambayo watu wengi huyaruka: SAMPLE HEMOLYSED, yaani chembe nyekundu zimepasuka. Mara nyingi hilo hutokea wakati wa kuchukua damu, sindano ikivutwa kwa nguvu au kichupa kikitikiswa. Potasiamu iliyokuwa ndani ya chembe humwagika kwenye sampuli na jibu hupanda kwa uongo. Mara chache chembe hupasuka ndani ya mwili wenyewe, na kwa mama mwenye presha ya mimba hilo ni baya sana. ALT yake, kipimo kimojawapo cha ini, ni 22, nalo linanipa nafuu kidogo. Namna ya kujua ni moja: damu nyingine, ichukuliwe leo, tena kwa utaratibu.

Mama mwenyewe mwambie hivi, kwa maneno yako: damu yako imepungua na inatibika, kuna kipimo kimoja ambacho sampuli yake iliharibika, kinarudiwa, na daktari anataka kuangalia presha na figo zako leo, si wiki ijayo. Usimtajie kifafa cha mimba kama umeshakiona, wala usimwambie kila kitu kiko sawa. Kama mumewe au mama mkwe yupo, na mama ameridhia wasikie, waeleze nao, maana ruhusa na nauli mara nyingi viko mikononi mwao.

Kwenye fomu ya rufaa andika: "Mjamzito, miaka 27, wiki 30. HGB 8.1 g/dL (wiki ya 12: 10.4). Kreatinini 84 µmol/L (wiki ya 12: 53). PLT 142. K 5.8, sampuli ilipasuka chembe. Tafadhali rudieni damu, pimeni presha na protini ya mkojo." Ongeza presha utakayoipata na saa uliyopima. Aende na karatasi zote mbili zenyewe, ya zamani na ya sasa, pamoja na kadi ya kliniki; picha ya kwenye simu yako haitoshi.

Nasubiri presha yake. Simu yangu iko wazi.