Simu imeshuka kituoni kabla yangu

Picha ya kwanza ni kioo cha simu yangu. Ya pili ni protekta niliyoinunua pamoja na simu, bado iko kwenye pakiti yake kabatini. Haina hata mkwaruzo, namshukuru Mungu. Mwenzake kava naye yuko hapohapo, mzima wa afya.

Ilikuwa hivi. Nimekaa dirishani kwenye daladala, simu mapajani, usingizi umenichukua. Nasikia konda anaita "Buguruni, Buguruni shusha!", nikainuka kama nimemwagiwa maji. Mapaja yakainuka na mimi, simu ikabaki hewani. Ikagonga ngazi ya mlango kwa kona, ikaruka hadi chini. Konda akaniangalia kwa huruma: "Dada, simu yako imeshuka, wewe bado unashuka?"

Fundi anasema simu ingeangukia mgongo, kioo pengine kingepona. Kioo hakiogopi funguo kwenye pochi, kinachokimaliza ni kugongwa kwenye ncha. Haya, mimi nimekipatia ncha yenyewe.

Picha inaonekana vizuri, ila tachi ya upande wa kushoto imekufa, karibu theluthi ya kioo toka juu hadi chini. Nikasema si kitu. Kumbe huko ndiko inakokaa herufi a, na jirani zake e, w, s, d na z! Q na x nazo zimekufa, lakini hizo hatuna kazi nazo. Jaribu sasa kuandika Kiswahili bila a. Bosi nimemtumia "Hbri ubuhi boi, nchl kiogo, nkuj", akaniuliza kama nimeamka salama. Nyumbani nimeandika "Mama", ikatoka "Mm". Akanijibu: "Wewe nini?"

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Dawa nimeipata: naigeuza simu ilale, kibodi inajigeuza nayo, ile sehemu mfu inahamia juu kwenye upande usio na herufi. Maneno haya yote nayaandika nimeilaza hivyo kama nacheza gemu.

Tatizo ni pale kwenye namba za kupigia, maana penyewe hapageuki. Upande wa kushoto kuna 1, 4, 7 na nyota. Bila nyota hakuna *150*00#, na hata ningeifikia, namba yangu ya siri ina 4 mbili. Kwa hiyo hela ya kutengeneza simu iko ndani ya simu, na haitoki mpaka simu itengenezwe. Fundi kataja 85,000, kanisikiliza hadithi yote hiyo, kisha kaniambia kwa upole kwamba yeye hakopeshi.

Jumamosi naingia Kariakoo, nikipata wa kuniazima. Kabla ya hapo, mwenye shida na mimi apige, kupokea napokea. Na aliyekuwa anawaza kunitumia chochote asisite, maana pesa ikiingia haiulizi namba ya siri.