Vitenge vipya vimeshuka: pisi yadi 6, shilingi 28,000

Haya wapendwa, robota tulilokuwa tukilisubiri limefunguliwa leo asubuhi hapa Kariakoo. Pichani mnaona maua matano, hesabuni kutoka kushoto: namba 1 mpaka namba 5. Ukiagiza taja namba. Ukiniandikia "kile cha bluu" tutasumbuana bure, maana vya bluu viko viwili.

Bei ni 28,000 kwa pisi moja. Pisi ni yadi 6 kamili, yaani mita 5 na nusu hivi, upana inchi 45. Inatoka gauni refu la mama na shati la mtoto, ukimpata fundi asiye na mkono wa kupoteza kitambaa. Ukichukua pisi 10 na kuendelea kila moja inakuwa 24,000, na unaruhusiwa kuchanganya maua. Nusu pisi sikati, msinichukie.

Hivi ni pamba tupu. Geuza nyuma utakuta ua limekolea kama mbele. Anayetilia shaka achomoe uzi mmoja pembeni auchome: pamba inanukia karatasi iliyoungua na kubaki jivu, ya plastiki inayeyuka na kuganda kidonge kigumu.

Sasa rangi, hapa naomba msome vizuri, hasa ninyi mlio mbali ambao hamwezi kuja kushika. Simu zinadanganya. Namba 3 hapo pichani inaonekana nyeusi, lakini ni bluu iliyoiva sana, ukiitoa juani utaiona. Namba 5 si nyekundu ya damu, inaelekea kwenye rangi ya matofali. Kabla hujalipa niombe video, nitakurekodia kitambaa nje ya mlango kwenye mwanga wa jua bila kukipamba. Afadhali unisumbue kwa video tatu kuliko upokee kitu usichokipenda.

Namba 4 yenye ndege ina juu na chini. Mwambie fundi mapema, la sivyo mgongoni ndege watakuwa wanaruka kichwa chini. Na kwa sababu lazima vipande vyote vielekee upande mmoja, kitambaa kinaliwa zaidi. Mtu mwenye mwili kama wangu asitegemee shati la mtoto hapo.

Wanaotafuta sare ya shughuli: hesabuni watu wenu wote, kisha agizeni kwa mkupuo mmoja. Robota likija jingine, ua ni lilelile lakini rangi inaweza kupishana kidogo, na kwenye picha ya pamoja itaonekana tu.

Mikoani tunatuma kwa basi. Niandikie wasapu, kitufe kipo juu ya ukurasa: namba ya ua, pisi ngapi, mkoa na stendi unayochukulia, jina na simu ya atakayepokea. Nikikujibu kwamba mzigo upo, ndipo ulipe kwa lipa namba. Kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea. Kama si jina la duka hili kama lilivyoandikwa hapo juu, acha kabisa, kuna watu wanachukua picha zetu na kujifanya ni sisi.

Ukilipa kabla ya saa 10 jioni, mzigo unapelekwa stendi ya Magufuli, Mbezi, jioni hiyohiyo na unaondoka na basi la alfajiri. Nitakutumia picha ya risiti ya basi na simu ya ofisi yao ya huko kwenu. Kutuma ni 5,000 mpaka pisi 5. Zaidi ya hapo tunaangalia uzito. Zanzibar inakwenda kwa boti. Nairobi inapita Namanga, nauli yake nitakuambia kwanza, na gharama za mpakani zikitokea ni za mteja.

Dar es Salaam peke yake ndiyo unalipa mzigo ukifika, bodaboda anakusubiri mlangoni.

Ukipokea, fungua pale pale ofisini kwao, ikiwezekana ukirekodi. Nikikosea ua au ukakuta kasoro, nijulishe ndani ya siku 3, nabadilisha na nauli ya kurudisha ni yangu. Lakini kiwe hakijafuliwa wala kukatwa. Kitambaa kikishapita kwenye mkasi, hicho ni chako na fundi wako.

Kufua: maji ya baridi, anika kivulini.

Mpaka naandika hapa namba 2 zimebaki pisi nne. Siweki akiba ya mdomo, anayelipa ndiye anayefungiwa. Zikiisha nitasema kwenye maoni hapo chini.