Fomu ya Kliaransi na Uthibitisho wa Malipo ya Ada kabla ya Kukabidhiwa Cheti cha Shahada

OFISI YA MSAJILI WA CHUO – TAALUMA
Wahitimu wa mwaka wa masomo 2023/2024

Fomu hii ijazwe kwa wino na kuzungushwa na mhitimu mwenyewe. Ndugu, rafiki au mwakilishi hataruhusiwa kuipitisha. Idara isisaini kwa kuangalia sura ya mtu. Ifungue daftari kwanza. Mhasibu atasaini baada ya idara nyingine zote, na kitambulisho cha mwanafunzi kitarudishwa mwisho kabisa, maana bila hicho mhitimu hapiti getini wala maktaba.

SEHEMU A: MHITIMU

Jina kamili, kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne: Rehema Athumani Mbaga
Namba ya usajili: 2021-04-08817
Shahada: Shahada ya Kwanza ya Sanaa na Elimu (Kiswahili na Historia), miaka 3
Ufadhili: Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ada asilimia 70, asilimia 30 analipa mzazi
Makazi alipokuwa chuoni: Hosteli ya wanawake, Bloku C, chumba 214
Sababu ya kuhitaji cheti sasa: Kuomba ajira ya ualimu kupitia Sekretarieti ya Ajira. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi.
Tarehe ya kuchukua fomu: 2 Desemba 2024

SEHEMU B: IDARA

*Idara ya Taaluma.* Ripoti mbili za mazoezi ya kufundisha zimepokelewa, na alama zimeingia kwenye mfumo. Hana somo la kurudia. Hadaiwi. Saini na muhuri, 2/12/2024.

*Maktaba.* Vitabu vinne vimerudi. Kimoja kilichelewa siku 28. Faini ya Sh 500 kwa siku, jumla Sh 14,000, imelipwa leo na stakabadhi imeonwa. Kitabu cha tano, cha historia ya Afrika Mashariki, kilipotea. Ameleta nakala mpya ya kitabu hichohicho, toleo la karibuni zaidi. Imekubaliwa; pesa taslimu hatupokei kwa kitabu kilichopotea. Hadaiwi. Saini na muhuri, 3/12/2024.

*Hosteli.* Kitanda, godoro, meza na taa vimekaguliwa. Godoro lina doa la wino ambalo lilikuwepo tangu alipokabidhiwa chumba (tazama fomu ya kuingia), kwa hiyo hatozwi. Ufunguo wa mlango umerudi. Ufunguo wa kabati haukuonekana. Amelipa Sh 15,000 ya kitasa. Hadaiwi. Angalizo kwa Mhasibu: akaunti yake ya hosteli inaonyesha ziada ya Sh 150,000. Kodi yote ya 2023/2024 alikuwa ameshaimaliza Novemba, hivyo fedha hiyo si yetu. Saini na muhuri, 3/12/2024.

*Michezo.* Jezi ya netiboli namba 7 na sketi yake zimerudi. Hazijafuliwa, tumezipokea hivyohivyo. Hadaiwi. Saini, 3/12/2024.

*Zahanati, Tehama, Serikali ya Wanafunzi.* Hadaiwi. Saini tatu na mihuri, 4/12/2024.

*Dawati la Mikopo.* Amesaini awamu zote sita za ada, na Bodi imeingiza fedha zote chuoni. Amekumbushwa kwamba mkopo ni deni lake kwa Bodi, si kwa chuo, na kwamba haumzuii kuchukua cheti. Akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ameelewa. Saini na muhuri, 4/12/2024.

SEHEMU C: TAARIFA YA ADA (kama ilivyotoka kwenye mfumo tarehe 5/12/2024)

| Mwaka | Anachotakiwa kulipa | Bodi ya Mikopo | Mwanafunzi | Baki |
|---|---|---|---|---|
| 2021/2022 | 1,127,400 | 700,000 | 427,400 | 0 |
| 2022/2023 | 1,097,400 | 700,000 | 397,400 | 0 |
| 2023/2024 | 1,147,400 | 700,000 | 297,400 | 150,000 |
| Jumla (Sh) | 3,372,200 | 2,100,000 | 1,122,200 | 150,000 |

Mchanganuo wa mwaka wa tatu: ada 1,000,000, ubora wa elimu wa Tume ya Vyuo Vikuu 20,000, usajili 5,000, mitihani 12,000, serikali ya wanafunzi 10,000, bima ya afya 50,400, mahafali na joho 50,000.

Maoni ya karani wa ada: Anadaiwa Sh 150,000. Hakuna kliaransi. Alipe kwanza, au alete uthibitisho.

SEHEMU D: MAELEZO YA MHITIMU KUHUSU DENI

Kwa heshima, deni hili nimeshalilipa. Tarehe 15 Aprili 2024 nilifika dirisha namba 3 la ofisi ya uhasibu kuomba namba ya malipo ya awamu ya mwisho ya ada. Nilipewa karatasi yenye namba inayoishia 4417. Mama alilipa mchana huohuo kwa wakala wa benki, Sh 150,000, na ujumbe wa kupokelewa ukaingia kwenye simu yake. Namba ilikubali, fedha ikaenda, na nikafanya mitihani ya muhula wa pili bila kuzuiwa.

Nilipoichunguza stakabadhi juzi, ndipo nilipoona pale kwenye aina ya huduma pameandikwa "Malazi" badala ya "Ada". Namba hiyo sikuitengeneza mimi, ilitolewa dirishani. Ndiyo maana hosteli wana ziada ya Sh 150,000 na ada ina pengo la Sh 150,000. Ni fedha ileile.

Naomba ihamishwe ndani ya chuo. Kulipa mara ya pili kisha nisubiri kurudishiwa sitaweza: mama anauza mbogamboga Same, na kiasi hicho ni mtaji wake wote. Naambatisha:

1. Stakabadhi ya serikali ya malipo ya 15/4/2024, nakala halisi.
2. Slipu ya wakala wa benki. Wino umeanza kufutika, nimeitoa fotokopi mapema.
3. Karatasi ya namba ya malipo yenye muhuri wa dirisha namba 3.
4. Stakabadhi nyingine sita za ada, za kuanzia Novemba 2021.

Saini: R. A. Mbaga, 5/12/2024

SEHEMU E: UAMUZI WA MHASIBU MKUU

Nimeilinganisha stakabadhi na taarifa ya benki. Fedha iliingia siku hiyohiyo, kiasi kileile. Bili ilifunguliwa kwenye kifungu cha malazi, na aliyeifungua ni mtumishi wa ofisi hii. Mhitimu hana kosa na asitozwe chochote, hata ada ya kuchelewa.

Hati ya uhamisho wa ndani imeandikwa leo: toa malazi Sh 150,000, ingiza ada Sh 150,000. Taarifa mpya inasoma: anachotakiwa kulipa 3,372,200, kilicholipwa 3,372,200, baki 0. Sh 20,000 ya tahadhari aliyoweka mwaka wa kwanza irudishwe kwenye akaunti yake, kwa kuwa hasara za maktaba na hosteli amezifidia mwenyewe.

Dirisha namba 3: wanafunzi wote waliopewa bili tarehe 15 Aprili wakaguliwe kabla ya Ijumaa. Sidhani kama yuko peke yake.

HADAIWI. Saini na muhuri, 10/12/2024.

SEHEMU F: KUKABIDHI CHETI

*Mshauri wa Wanafunzi:* Kitambulisho kimepokelewa na kukatwa kona. 11/12/2024.

*Msajili – Taaluma:* Kurasa zote zimekamilika. Cheti na transkripti vitolewe. 11/12/2024.

*Mhitimu:* Nimepokea cheti halisi kimoja na transkripti mbili. Nimesoma jina langu herufi kwa herufi, daraja na tarehe ya mahafali, vyote viko sahihi. Nimeelezwa kwamba cheti halisi hakitolewi mara ya pili, na kwamba nisikipige lamineti. Saini: R. A. Mbaga, 11 Desemba 2024, saa 5:40 asubuhi.