Bundi wa Dijon

Jumamosi saa nne asubuhi Neema aliingia soko la Les Halles na euro 20 mfukoni, na kanga ameizungusha shingoni kuwa skafu. Baridi ya Novemba ya Dijon, Ufaransa, haina mzaha na mtu wa Tanga. Wiki saba za chuo zilikwisha mfundisha adabu za soko hili: unasalimia kabla ya kuuliza bei, hushiki tunda kwa mkono wako maana muuzaji ndiye anayekuchagulia, wala bei haishuki kwa kubembeleza. Ukitaka nafuu, ungoje karibu saa saba, wakianza kufungasha.

Kwenye meza ya viazi aliomba kilo moja ya Charlotte. Juma lililotangulia alichukua Bintje, ambavyo ni vya kuponda, akavitia kwenye mchuzi, vikayeyuka vikawa uji. Mama muuzaji akapima, mizani ikasoma gramu 1,050, akaacha hivyo hivyo. Kisha macho yake yakatua kwenye ile kanga.

"Oo, shwet!"

Neema aliganda. Neno hilo alilijua. Huandikwa chouette, na lilikuwa kwenye orodha ya ndege aliyoikariri Dar es Salaam: ibu ni bundi mwenye vishungi kama masikio, shwet ni bundi asiye navyo. Akainua macho kwenye nguzo za chuma zinazobeba paa. Palikuwa na njiwa mmoja tu.

"Wapi?"

"Si hii hapa!" Mama akaigusa kanga. "Shwet kweli kweli!"

Neema akaivua, akaikagua. Pindo jeusi, mji wenye korosho nyekundu, na jina lake: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Ukizikazia macho korosho mbili zilizokaa jirani, labda, pengine, zinatazama. Moyo ukampiga. Kule Chumbageni bibi yake hamwachii bundi atue pale nyumbani. Akilia juu ya paa usiku, bibi hutoka na kijinga cha moto, na kukipambazuka huanza kuwapigia simu ndugu mmoja mmoja kuuliza nani anaumwa. Leo mjukuu wake anatembea naye shingoni!

"Hapana, mama, siyo bundi," akasema kwa Kifaransa cha heshima, kila neno mahali pake. "Ni pentadi."

Kwao nguo na ndege vina jina moja, kanga, naye aliona amefafanua vya kutosha. Mama akafurahi. Pentadi! Akamwonyesha safu ya tatu, akapaza sauti soko zima lisikie kwamba kuna binti anatafuta kanga.

Aibu ilimpeleka. Dakika mbili baadaye alisimama mbele ya kanga mzima aliyenyonyolewa, kilo 1.4, euro 12 kwa kilo. Akapiga hesabu: 16.80. Viazi vimekwisha kula 2.50. Alijinusuru kwa mapaja mawili, euro 6.

"Nyama yake haina mafuta, ukiiharakisha itakuwa ubao," kijana wa kuku alimwambia akifunga karatasi. "Kaanga upande wa ngozi dakika tano, tia vitunguu na kikombe cha supu, funika, moto mdogo dakika arobaini."

Nyuma ya Neema mzee mmoja akadakia kwamba binti yake amepata leseni ya gari, safari hii amefaulu.

"Shwet!" akasema kijana.

Neema akatazama. Hapakuwa na kanga, hapakuwa na korosho. Palikuwa na leseni, na mzee anayecheka. Akairudia sentensi ya mama wa viazi kichwani, akamtoa bundi, akaweka "bomba". Ikakaa.

Alipopita tena kwenye meza ya viazi alisimama. "Mama, na viazi vyako ni shwet."

"Vipike kwanza ndiyo useme!"

Akatoka akicheka peke yake, akashika njia ya kanisa la Notre-Dame. Kwenye kona kibao kilisomeka Rue de la Chouette. Akatabasamu: mtaa bomba. Hatua chache mbele watu walikuwa wamepanga foleni ukutani, na kila mmoja akinyoosha mkono wa kushoto kupapasa kijiwe kilicholainika hadi sura yake kufutika. Mtoto akamwelekeza: unamgusa kwa kushoto, unaomba jambo moja kimoyomoyo.

Neema akasogea. Kichwa cha mviringo, mabawa yamekunjwa, vishungi hana.

Zamu yake ikafika. Bundi, tena kwa mkono wa kushoto. Akahamishia kikapu kuliani, akafunika vidole kwa ncha ya kanga, akagusa haraka kama anayeonja pasi ya moto. Akaomba abaki huku huku, asije akalijua paa la Chumbageni.