Maswali na Majibu Kuhusu Chipu ya 555: Kwa Nini Haitulii, na Kapasita Inapangaje Kasi Yake

Maelezo haya yametayarishwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa elektroniki hapa Kisumu, baada ya zoezi la kuunda taa ya kumetameta ya kuashiria nyavu za wavuvi wa Dunga usiku. Maswali ni yale yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe mwishoni mwa zoezi, nami nimeyapanga upya ili jibu moja lifungulie njia linalofuata. Sakiti inayozungumziwa kote ni ile ile: betri ya sola ya volti 12, rizista R1 ya kilo-ohmu 10 kutoka chanya hadi pini ya 7, rizista R2 ya kilo-ohmu 68 kutoka pini ya 7 hadi pini za 2 na 6 zilizounganishwa pamoja, na kapasita C ya mikrofaradi 10 kutoka hapo hadi hasi. Pini ya 8 na ya 4 zimefungwa kwenye chanya, ya 1 kwenye hasi, na taa inalishwa na pini ya 3.

Mwalimu, ndani ya chipu hii kuna nini hasa?

Kuna vitu vichache kuliko mnavyodhani. Rizista tatu zinazolingana, kila moja ikiwa na takriban kilo-ohmu 5, zimepangwa mfululizo kutoka chanya hadi hasi, na kwa hiyo zinaigawa volti ya betri katika mafungu matatu sawa. Kwa betri ya volti 12 tunapata alama mbili, volti 4 na volti 8, ambazo nitaziita kizingiti cha chini na kizingiti cha juu. Vilinganishi viwili vinaichunguza kapasita: kimoja, kupitia pini ya 2, huuliza kama volti yake imeshuka chini ya 4, na kingine, kupitia pini ya 6, huuliza kama imepanda juu ya 8. Majibu yao yanapelekwa kwenye flipuflopu, ambayo ni sakiti ndogo ya kukumbuka amri ya mwisho iliyopewa. Flipuflopu ndiyo inayoamua kama pini ya 3 itakuwa juu au chini, na pia ndiyo inayoiwasha au kuizima transista ya pini ya 7. Hans Camenzind aliibuni chipu hii mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics, ikaanza kuuzwa mwaka 1972, na mpangilio huo wa ndani haujabadilika kimsingi tangu wakati huo.

Kwa nini basi inapanda na kushuka bila kukoma? Hatuoni kitu chochote kinachoisukuma.

Hili ndilo swali kuu, na ningependa mlijibu kwa kuuliza lingine: kapasita inaelekea wapi katika kila hali?

Transista ya pini ya 7 ikiwa imezimwa, mkondo hupita R1 na R2 ukaichaji kapasita. Kapasita hiyo inaelekea volti 12, na ingefika huko kama ingeachwa. Lakini kabla haijafika inakutana na volti 8, kilinganishi cha juu kinatoa amri, flipuflopu inageuka, na transista inawaka. Sasa pini ya 7 imevutwa karibu kabisa na hasi, kwa hiyo kapasita inaanza kumwaga chaji yake kupitia R2, ikielekea sifuri. Huko nako haifiki, kwa sababu inapogusa volti 4 kilinganishi cha chini kinairudisha flipuflopu katika hali ya kwanza.

Angalieni vizuri kinachotokea: katika kila hali, mahali ambapo kapasita ingepumzika pako ng'ambo ya kizingiti kinachoifuta hali hiyo. Sifuri iko chini ya 4, na 12 iko juu ya 8. Hakuna hata sehemu moja ambapo sakiti inaweza kukaa ikaridhika, na ndiyo maana mpangilio huu huitwa usio na hali tulivu. Hausukumwi na kitu kingine chochote. Betri hutoa nguvu, na kukosekana kwa mahali pa kutulia hufanya mengine yote.

Je, kizingiti kimoja kisingetosha?

Kisingetosha, na ni vyema tuone sababu, kwa kuwa vitabu vingi vya mafunzo hupita hapa haraka mno. Tuseme tuna kilinganishi kimoja tu kilichowekwa volti 6, na hakuna flipuflopu. Kapasita inapanda, inagusa 6, na uchaji unakatwa. Mara tu inaposhuka nukta kidogo chini ya 6, kilinganishi kinaona sharti halijatimia, kinaruhusu uchaji tena, na papo hapo kinaukata. Kapasita ingeganda kwenye volti 6, au ingetetemeka pale pale kwa kasi isiyotabirika inayotegemea uzito wa kilinganishi chenyewe kujibu.

Katika 555, kapasita inapokuwa kati ya volti 4 na 8 vilinganishi vyote viwili viko kimya. Hakuna amri mpya. Flipuflopu inaendelea kushikilia ile ya mwisho, na hivyo volti 6 inaweza kumaanisha mambo mawili tofauti: kama kapasita ilikuwa inapanda itaendelea kupanda, na kama ilikuwa inashuka itaendelea kushuka. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoilazimisha kapasita kuimaliza safari nzima kila mara, na safari yenye urefu maalumu ndiyo inayotupa muda unaoweza kukokotolewa.

Namba 0.693 na 1.44 zimetoka wapi?

Kapasita inayochajiwa kupitia rizista haipandi kwa mwendo sawa. Mkondo wake hutegemea volti iliyobaki kati yake na mahali inapoelekea, kwa hiyo kadiri inavyokaribia ndivyo inavyopunguza mwendo. Sifa ya mwendo wa namna hii ni kwamba muda wa kupunguza masafa yaliyobaki hadi nusu ni ule ule daima, popote unapoanzia, nao ni R mara C mara 0.693. Namba hiyo ni logi asilia ya 2.

Sasa tazameni vizingiti vyetu. Kapasita ikiwa na volti 4 na ikielekea 12, imebakiza volti 8. Ikifika 8, imebakiza 4, yaani nusu kamili. Wakati wa kushuka inaelekea sifuri: inaanza ikiwa imebakiza 8 na inaishia ikiwa imebakiza 4. Nusu tena. Theluthi moja na theluthi mbili zilichaguliwa kwa ustadi, maana pande zote mbili hesabu ni moja, isipokuwa kwamba kupanda hupitia rizista zote mbili na kushuka hupitia R2 peke yake:

```
t_juu  = 0.693 * (R1 + R2) * C
t_chini = 0.693 * R2 * C
f = 1.44 / ((R1 + 2*R2) * C)
```

R2 inahesabiwa mara mbili kwa kuwa hutumika kwenda na kurudi, na 1.44 ni moja kugawanya kwa 0.693. Kwa taa yetu, muda wa juu ni sekunde 0.541 na wa chini ni sekunde 0.471, jumla yake ikiwa sekunde 1.01, yaani frikwensi inayokaribia hezi 1.

Mbona mmeto wa kwanza huchukua muda mrefu zaidi?

Kwa sababu kapasita inaanzia sifuri, si volti 4. Masafa yaliyobaki yanapungua kutoka 12 hadi 4, yaani hadi theluthi, na logi asilia ya 3 ni 1.10. Muda huo wa kwanza ni takriban sekunde 0.86.

Betri ikishuka usiku, taa haitapunguza kasi?

Taa itafifia, lakini kasi haitabadilika kwa kiasi cha kuonekana. Betri ikiwa volti 9, vizingiti vinakuwa 3 na 6, kapasita inaelekea 9, na masafa yaliyobaki yanapungua kutoka 6 hadi 3. Bado ni nusu. Volti ya betri imo katika kila kipimo cha hesabu, kwa hiyo inajifuta yenyewe. Nikiulizwa ubora mkubwa wa chipu hii ni upi, nitataja huu kabla ya mwingine wowote. Hata hivyo msivuke mipaka: NE555 ya kawaida hutaka volti 4.5 hadi 16.

Kundi letu lilipima karibu sekunde moja na nusu badala ya moja. Tulikosea rizista?

Rizista zenu zilikuwa sahihi. Kapasita ya elektrolitiki mara nyingi hutengenezwa kwa uvumilivu wa asilimia 20, hivyo peke yake ingeweza kuwafikisha sekunde 1.21, si zaidi. Kilichobaki ni mita ya mshale mliyoiacha imeunganishwa kwenye kapasita.

Mita ile ina kilo-ohmu 20 kwa kila volti, na kwenye masafa ya volti 10 inakuwa rizista ya kilo-ohmu 200 kati ya kapasita na hasi. Kwa hiyo kapasita haielekei tena volti 12. Inaelekea 12 mara 200 kugawanya kwa 278, yaani volti 8.6. Kizingiti cha juu ni 8. Inakifikia ikiwa imechoka kabisa, na muda wa kupanda unakuwa takriban sekunde 1.12, ilhali wa kushuka unapungua hadi 0.35. Jumla ni 1.47. Itoeni mita na mhesabu mimeto kumi kwa saa ya mkononi.

Kapasita kuukuu inayovuja, kama zile zinazong'olewa kwenye redio mbovu, hufanya jambo hilo hilo kutoka ndani. Ukiichanganya na rizista za mega-ohmu kadhaa, mahali inapoelekea huweza kushuka chini ya kizingiti cha juu, na hapo sakiti imepata mahali pa kutulia: pini ya 3 inabaki juu na taa haizimiki kamwe. Mkitaka muda mrefu, tumieni kapasita mpya, na rizista zisizidi mega-ohmu moja.

Tunaweza kuiondoa R1 ili muda wa juu na wa chini ulingane?

Hapana. Bila R1, transista ya pini ya 7 ikiwaka itaunganisha chanya na hasi moja kwa moja, nayo itaungua. Msishuke chini ya kilo-ohmu 1. Ikifanywa R2 kuwa kubwa sana kuliko R1, nyakati hizo mbili zitakaribiana. Na mkitaka zaidi ya hapo, wekeni dayodi sambamba na R2, upande wake wa chanya ukiwa pini ya 7, ili uchaji upitie R1 peke yake.

Pini ya 5 ni ya nini, nasi hatukuiunganisha?

Pini hiyo imeunganishwa na kizingiti cha juu chenyewe. Ukiilazimisha iwe volti 6, cha juu kinakuwa 6 na cha chini kinakuwa 3, kwa maana cha chini daima ni nusu ya cha juu. Muda wa kushuka haubadiliki, kwa sababu bado ni nusu. Wa kupanda unapungua hadi takriban sekunde 0.32, kwani kapasita inabakiza 9 na kuishia imebakiza 6. Ving'ora vinavyopanda na kushuka sauti huundwa kwa njia hii. Msipoitumia, wekeni kapasita ya nanofaradi 10 kati yake na hasi, ili kelele za nyaya zisivitikise vizingiti.