Tangazo la Kuhama: Duka la Cherehani Linahamia Mtaa wa Mafundi

23 Februari 2026

Wateja wetu wapendwa,

Duka letu la kuuza na kutengeneza cherehani linahama. Siku ya mwisho ya huduma katika duka la sasa, Barabara ya Soko namba 8, ghorofa ya kwanza, ni Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, na tutafunga saa 8 mchana. Duka jipya litafunguliwa Jumatano tarehe 18 Machi 2026, saa 2 asubuhi, Mtaa wa Mafundi, jengo namba 27, chini kabisa, mlango unaotazama barabara. Namba ya simu haibadiliki. Ni ileile iliyo juu ya risiti yako.

Tunahama kwa sababu ya ngazi. Kichwa cha cherehani ya kiwandani hukaribia kilo 30, na kukipandisha ghorofani kisha kukiteremsha kumekuwa mzigo kwenu na hatari kwa mashine zenyewe. Huko tunakokwenda mkokoteni unaingia hadi kwenye meza ya fundi, na gari linaweza kusimama mbele ya mlango kwa muda wa kushusha na kupakia.

Kufika ni rahisi. Ukitoka duka la sasa, shika Barabara ya Soko kuelekea stendi ya mabasi, pita posta, kisha ingia kushoto kwenye njia ya kwanza yenye lami. Huo ndio Mtaa wa Mafundi. Jengo namba 27 liko mkono wa kulia, lina milango ya bluu. Kwa miguu ni kama dakika 10. Anayebeba mashine asipite njia ya mkato ya nyuma ya soko, maana ina mashimo.

Ambao mashine zenu ziko kwetu sasa, tafadhali someni sehemu hii kwa makini. Kila mashine iliyopokelewa hadi Jumamosi tarehe 7 Machi itakuwa tayari kuchukuliwa kabla ya Ijumaa tarehe 13, isipokuwa zile zinazosubiri vipuri, na wenye hizo tutawapigia simu mmoja mmoja. Kuanzia Jumatatu tarehe 9 tutapokea kazi za kumalizika siku hiyohiyo tu: kubadilisha mkanda, kurekebisha mkazo wa uzi, kusafisha meno ya kusukumia kitambaa, na kadhalika. Kazi ya kufungua mashine tutaiandika kwenye daftari, lakini mashine yenyewe ibaki kwako hadi tarehe 18. Mashine iliyofunguliwa haifai kusafirishwa. Skrubu zake ndogo hupotea, na ndoano inayokamata uzi ikisogea hata kidogo tu haikutani tena na sindano kwa wakati wake. Matokeo yake mashine inaruka mishono au inavunja sindano, na fundi analazimika kuanza upya kazi iliyokuwa karibu kwisha.

Mashine ambayo haijachukuliwa hadi tarehe 14 tutaihamisha sisi, bila malipo. Itafungwa lebo mbili zenye namba ya risiti yako, moja kwenye kichwa na nyingine kwenye meza au sanduku, na pedali na waya wake vitawekwa katika mfuko wenye namba hiyohiyo. Za kiwandani zitamwagwa mafuta kwanza, kwa sababu bakuli la chini likiinama njiani mafuta huingia kwenye mkanda na mota. Tutayajaza tena hadi alama ya juu baada ya kufika, kisha kila mashine ijaribiwe kwenye kitambaa chakavu kabla ya kukabidhiwa. Hata hivyo, ukifika nayo nyumbani, shona mita moja au mbili za kitambaa usichokijali kabla hujagusa nguo ya mteja. Tone la mafuta lililobaki kwenye mhimili wa sindano hujitokeza mashine inapopata joto, na doa lake kwenye kitambaa cheupe ni gumu kutoka.

Siku tatu za kuhama, yaani Jumapili tarehe 15 hadi Jumanne tarehe 17, hakutakuwa na duka lililo wazi. Tunajua kwamba fundi aliyevunja sindano ya mwisho akiwa na sare za shule mezani hawezi kusubiri Jumatano. Kwa hiyo sindano, bobini, mikanda, mafuta na balbu zitatolewa kwenye mlango wa duka jipya Jumatatu na Jumanne, saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Piga simu kwanza, utaje aina ya mashine na namba ya sindano unayotumia (kwa mfano 90/14), na ueleze pia kama shina lake ni la mviringo au lina upande bapa. Sindano za cherehani ya nyumbani haziingiliani na za kiwandani, na siku hizo kabati zitakuwa bado zimefungwa, hivyo tutakuandalia ulichotaja tu. Jumapili simu itapokelewa, lakini hakuna kitakachotolewa. Kama kazi yako ni ya kila siku, njia ya uhakika zaidi ni kununua akiba ya wiki moja kabla ya tarehe 14.

Risiti zote za zamani zinatambulika katika duka jipya, ziwe za arbuni, za malipo ya awamu au za dhamana. Dhamana yoyote inayomalizika kati ya tarehe 14 na 31 Machi tumeiongeza siku saba, bila haja ya kuja kugongewa muhuri. Bei za matengenezo hazibadiliki kwa sababu ya kuhama. Aliyepoteza risiti aje na kitambulisho, nasi tutatafuta jina lake kwenye daftari.

Malipo yanaendelea kwa njia zilezile, na namba ya kulipia ni ileile. Hili tunalisisitiza kwa sababu duka linapohama, matapeli huona nafasi: hutuma ujumbe kwamba “tumehama, namba ya malipo nayo imebadilika”. Ukipata ujumbe wa aina hiyo usilipe. Piga simu kwa namba iliyo kwenye risiti yako, si kwa iliyo ndani ya ujumbe.

Viwanda, shule na vyama vya ushonaji vinavyonunua kwa hati, tunaomba mbadilishe anwani ya duka kwenye kumbukumbu zenu kuanzia tarehe 18 Machi. Jina la biashara, akaunti ya benki na sanduku la posta vinabaki kama vilivyo. Mizigo mnayotutumia na ambayo itafika kati ya tarehe 14 na 17, mwagizeni msafirishaji aishushe Jumatano.

Hadi Jumanne tarehe 31 Machi mfanyakazi wetu mmoja atakuwa kwenye mlango wa duka la zamani, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, Jumatatu hadi Jumamosi. Atawaelekeza watu, na atapokea mashine ya mteja asiyeweza kufika Mtaa wa Mafundi na kumwandikia risiti. Hatapokea fedha.

Saa za kazi katika duka jipya ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na Jumamosi hadi saa 8 mchana. Jumapili tunapumzika.

Tunawashukuru kwa kutuamini na mashine mnazozitegemea kwa riziki. Mwenye swali kuhusu mashine iliyoko kwetu apige simu akiwa na namba ya risiti mkononi, apate jibu papo hapo.

Uongozi na mafundi wa duka